Kadi ya Alama: Jinsi Fundi wa Samani Anavyoweza Kuchagua Muuzaji wa Mbao

Fundi anayetengeneza vitanda, viti na kabati katika soko la Boito hana uhaba wa watu wa kumuuzia mbao. Yuko mwenye mashine ya kupasua miti ya mashamba iliyo jirani. Ziko yadi za mbao Litein na Kericho. Wako pia wafanyabiashara wanaopita na lori na kushusha mzigo hadi mlangoni. Kila mmoja huulizwa swali lile lile la kwanza: futi ni pesa ngapi? Mara nyingi anayetaja bei ya chini ndiye anayepata kazi.

Hasara ya uamuzi huo haionekani siku ya kununua. Huonekana miezi miwili au mitatu baadaye, mteja anaporudi kulalamika kwamba milango ya kabati imeachana katikati au kwamba droo imekwama. Kwa fundi wa eneo linalotegemea majani chai, kosa hilo lina uzito zaidi. Wakulima wanaouza kupitia viwanda vya KTDA hulipwa kidogo kila mwezi, kisha hupokea malipo makubwa ya mwisho wa mwaka, maarufu kama bonasi, ambayo kwa kawaida hufika karibu na Oktoba. Huo ndio wakati ambao familia nyingi hununua samani. Fundi akikosea mbao za msimu huo, amekosea sehemu kubwa ya mapato ya mwaka mzima.

Makala haya yanaeleza njia moja rahisi ya kulinganisha wauzaji kwa mambo manne: bei, ubora, kutegemeka na masharti ya malipo. Njia hiyo huitwa kadi ya alama. Inahitaji karatasi moja, futi ya kupimia, mizani ya jikoni na kumbukumbu za ununuzi. Bei zote zilizotumika hapa ni za mfano, na wauzaji watatu wa mfano wamepewa majina ya herufi A, B na C.

Kwanza, mchujo

Kabla ya alama yoyote kutolewa, kuna swali la ndiyo au la: je, mbao hizi ni halali? Kusafirisha mbao kunahitaji kibali kutoka Shirika la Huduma za Misitu nchini, KFS, hata kama miti ilikatwa katika shamba la mtu binafsi. Boito haiko mbali na Msitu wa Mau Kusini-Magharibi, na mbao zilizotolewa msituni bila idhini huuzwa kwa bei ambayo muuzaji halali hawezi kuifikia. Zikikamatwa njiani au katika karakana, hasara ni ya aliye nazo.

Muuzaji asiyeweza kuonyesha kibali na kuandika risiti hapewi alama za chini. Anaondolewa kabisa. Sababu ni kwamba alama hujumlishwa, na katika jumla bei nzuri inaweza kufunika kasoro ambayo haifai kufunikwa.

Serikali za kaunti hufuata mpangilio huo huo zinaponunua bidhaa na huduma kwa zabuni. Stakabadhi za lazima hukaguliwa kwanza, na anayekosa moja huishia hapo. Wanaobaki ndio wanaopimwa kwa uwezo na kwa bei. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 inataka pia vigezo vya kupima viandikwe katika stakabadhi za zabuni tangu mwanzo, na visivyoandikwa visitumike. Fundi ana sababu ya kuiga sharti hilo la pili pia, kama itakavyoonekana.

Pili, uzito wa kila jambo

Fundi huchukua alama 100 na kuzigawa kwa mambo manne kulingana na hali ya kazi yake. Katika mfano wetu amegawa hivi: bei 30, ubora 30, kutegemeka 25, masharti ya malipo 15.

Hakuna mgawo mmoja ulio sahihi kwa kila mtu. Anayetengeneza kabati na meza za sebuleni, ambazo kasoro zake huonekana haraka, ataupa ubora zaidi. Anayetengeneza mabanda ya kuku au vitanda vya bei nafuu anaweza kuipa bei zaidi. Asiye na akiba ya kununulia mbao hadi mteja alipe ataongeza uzito wa masharti ya malipo.

Jambo la kushikilia ni kwamba mgawo uandikwe kabla ya kuuliza bei. Mtu akishasikia bei inayomvutia, au akiwa na muuzaji anayempenda kwa sababu ya ujirani, ni rahisi kugawa alama kwa namna itakayompa ushindi yule aliyekwisha kuchaguliwa moyoni. Karatasi ikishaandikwa mapema, inabidi ukweli uifuate.

Bei: hesabu futi iliyoingia katika samani

Bei inayotajwa na muuzaji ni ya futi iliyonunuliwa. Anachouza fundi ni futi iliyoingia katika kitanda au kabati. Kati ya hizo mbili kuna mbao zilizopasuka, zilizojipinda, zenye vifundo vinavyodondoka, na zilizo nyembamba kuliko ilivyoahidiwa. Hizo zimelipiwa lakini hazitumiki.

Njia ya kujua ni kuweka alama ya chaki kwenye mbao 20 za kila muuzaji na kuziandika. Vipande vinavyokataliwa kwa sababu ya kasoro hupimwa na kujumlishwa. Mabaki ya kawaida ya kukata, ambayo yangekuwepo hata mbao zingekuwa safi, hayahesabiwi hapa kwa sababu ni yale yale kwa kila muuzaji.

Tuseme fundi wetu anahitaji futi 1,000 za saiprasi ya 6 kwa 1 kwa mwezi. Muuzaji A, mwenye mashine jirani, anauza futi kwa Sh40, na usafiri ni Sh2 kwa futi. Muuzaji B, mwenye yadi mjini, anauza kwa Sh51, na usafiri ni Sh3. Muuzaji C, mwenye lori, anauza kwa Sh47, mzigo ukishushwa mlangoni.

Kwa maneno ya muuzaji, A ni nafuu kuliko B kwa Sh11. Lakini rekodi ya chaki inaonyesha kwamba katika kila futi 100 za A, futi 30 hukataliwa. Za B hukataliwa 10, na za C 16. Kwa hiyo Sh42,000 zilizolipwa kwa A na kwa usafiri zimeleta futi 700 zinazofaa, yaani Sh60 kwa futi. Sh54,000 za B zimeleta futi 900, ambayo pia ni Sh60 kwa futi. Sh47,000 za C zimeleta futi 840, karibu Sh56 kwa futi.

Tofauti ya Sh11 iliyomvutia fundi haipo. A na B wanamgharimu sawa, na hapo bado hajahesabu saa ambazo kijana wake wa kazi alitumia kukata na kutupa. Bei hii ya futi inayofaa ndiyo inayoingia kwenye kadi.

Aliye na bei ya chini kabisa hupewa 5. Wengine hupata sehemu yao: bei ya chini kabisa hugawanywa kwa bei yao, kisha huzidishwa kwa 5. C anapata 5. A na B wanapata 56 ÷ 60 × 5, ambayo ni karibu 4.7.

Ubora: pima, usikadirie

Alama za ubora huharibika zinapotolewa kwa kutazama tu. Mbao iliyopigwa randa upande mmoja na kupangwa juu ya rundo huwa nzuri kwa kila muuzaji. Fundi huchagua mwenyewe mbao 20 kutoka katikati ya rundo na kuzikagua kwa mambo matatu.

La kwanza ni unene. Mbao inayoitwa ya inchi moja inapaswa kukaribia milimita 25. Randa huondoa milimita mbili au tatu kila upande, hivyo mbao ya milimita 25 huacha ubao safi wa milimita 20 hivi. Iliyotoka ikiwa milimita 21 haina pa kupunguzwa. Hii hutokea sana kwa mbao zilizopasuliwa kwa msumeno wa mnyororo, ambao huacha mawimbi. Unene upimwe katika ncha zote mbili na katikati, kisha kipimo kidogo zaidi ndicho kiandikwe.

La pili ni unyofu na kasoro za mti. Fundi huinua ncha moja hadi usawa wa jicho na kutazama ukingo mzima. Kisha hutazama kama kiini cha mti kimo ndani ya mbao, kwa sababu mbao yenye kiini hupasuka kwa urefu inapokauka. Vifundo vilivyoshikana na mbao vinavumilika. Vyenye duara jeusi pembeni vimekufa, na vitadondoka.

La tatu, na ndilo linalorudisha wateja wengi wakiwa na malalamiko, ni unyevu. Mbao hupungua upana inapokauka, na haitaacha kupungua kwa sababu imekwisha kupigwa misumari. Samani za ndani katika nyanda hizi za mvua zinafaa kutengenezwa kwa mbao zenye unyevu wa kati ya asilimia 12 na 15. Saiprasi iliyotoka kwenye mashine wiki iliyopita huwa juu zaidi ya hapo. Ubao wa inchi 6 ukitoka asilimia 28 hadi 14 unaweza kupungua karibu milimita 4. Mlango wa kabati ulioungwa kwa mbao tatu za aina hiyo utakuwa umepoteza zaidi ya sentimita moja ukiwa nyumbani kwa mteja.

Asiye na kipima unyevu anaweza kutumia mizani ya jikoni. Hukata kipande kidogo kutoka sehemu iliyo angalau futi moja kutoka kwenye ncha, kwa sababu ncha hukauka mapema na hudanganya. Hukipima mara moja. Kisha hukikausha katika oveni yenye joto la nyuzi 100 hivi, akikipima kila baada ya saa chache, hadi uzito uache kupungua. Uzito wa mwanzo hutolewa uzito wa mwisho, na tofauti hugawanywa kwa uzito wa mwisho. Kipande kilichokuwa gramu 520 na kuishia gramu 400 kimepoteza gramu 120. Gawa 120 kwa 400: unyevu ni asilimia 30. Mbao hiyo haiko tayari kwa samani.

Alama 5 zinaweza kutolewa kwa mbao 19 au 20 zilizopita majaribio yote, 4 kwa 17 au 18, 3 kwa 14 hadi 16, 2 kwa 10 hadi 13, na 1 kwa zilizo chini ya 10. Katika mfano wetu, A, ambaye mbao zake nyingi bado ni mbichi, anapata 2. B anapata 4 na C anapata 3.

Kutegemeka: soma daftari

Kumbukumbu ya kichwani hushika tukio la mwisho au lile lililoumiza zaidi. Daftari hushika yote. Kwa kila agizo fundi huandika siku iliyoahidiwa, siku mzigo ulipofika, futi zilizoagizwa, futi zilizofika na kama vipimo vilikuwa vile alivyotaka. Agizo huhesabiwa kuwa limetimizwa likifika kwa siku yake, likiwa kamili na kwa vipimo vyake. Likikosa hata moja, halikutimizwa.

Katika maagizo kumi ya mwisho, kumi yaliyotimizwa ni alama 5, manane au tisa ni 4, sita au saba ni 3, manne au matano ni 2, na chini ya hapo ni 1. A ametimiza saba na kupata 3. B ametimiza tisa na kupata 4. C ametimiza matano na kupata 2. Muuzaji mpya asiye na rekodi apewe 2 na agizo dogo la majaribio, hata kama anasifiwa na wengi.

Kuchelewa kuna bei yake. Mbao zilizofika kutoka kwa C zinamwokolea fundi Sh4 kwa kila futi inayofaa, yaani Sh3,360 kwa mzigo mzima wa futi 840. Lori likichelewa siku tatu, na vijana wawili wanaolipwa Sh800 kwa siku wakakaa bila kazi, Sh4,800 zimekwenda. Nafuu yote imeliwa na zaidi, na mteja bado anasubiri.

Daftari hueleza yaliyopita, hivyo kuna swali moja la kuongeza kuhusu yajayo: miti ya muuzaji huyu hutoka wapi? Mafundi wa eneo hili wanakumbuka Februari 2018, serikali ya kitaifa ilipositisha ukataji wa miti katika misitu ya umma. Marufuku hayo yalitangazwa kuwa ya siku 90, lakini yaliongezwa mara kwa mara, na ilikuwa Julai 2023 ndipo Rais William Ruto alipotangaza kuyaondoa, hatua ambayo nayo ilipingwa mahakamani. Wauzaji waliotegemea misitu ya umma peke yake waliishiwa. Waliokuwa na miti ya mashamba, au waliochukua mbao kutoka nchi jirani ya Tanzania, waliendelea kuuza. Hata miti ya mashamba ina mshindani katika eneo hili: viwanda vya majani chai hununua mikaratusi kwa ajili ya kuni za kukaushia chai. Muuzaji mwenye vyanzo viwili ni salama kuliko mwenye kimoja.

Masharti ya malipo: mkopo nao una bei

Alama hapa hufuata urahisi wa fedha kwa fundi. Kulipa zote kabla ya kuona mzigo ni 1. Kulipa zote baada ya kukagua ni 2. Kulipa nusu, na nusu ndani ya siku 14, ni 3. Kulipa nusu, na nusu baada ya siku 30, ni 4. Kulipa zote baada ya siku 30 bila kuongezwa bei ni 5. A anapata 2, B anapata 3 na C anapata 4.

Hata hivyo, anayeuza kwa mkopo mara nyingi huwa ameingiza gharama ya kungoja ndani ya bei. Njia ya kujua ni kuuliza: nikilipa leo zote, ni pesa ngapi? Tuseme C anajibu kwamba futi itakuwa Sh45 badala ya Sh47.

Kwa futi 1,000, malipo ya taslimu ni Sh45,000. Kwa mkopo, fundi hulipa Sh23,500 leo na Sh23,500 baada ya mwezi. Maana yake ni kwamba leo amebaki na Sh21,500 ambazo angezitoa, na kwa kubaki nazo mwezi mmoja analipa Sh2,000 zaidi. Hiyo ni zaidi ya asilimia 9 kwa mwezi. Mikopo mingi ya vyama vya akiba na mikopo hutozwa asilimia moja hivi au zaidi kidogo kwa mwezi. Fundi aliye mwanachama angeweza kukopa huko, kulipa taslimu na kubaki na pesa mfukoni. Swali hilo moja laweza kubadilisha maana ya alama 4 alizopata C.

Kujumlisha

Kila alama hugawanywa kwa 5, kisha huzidishwa kwa uzito wa jambo lake. Kwa mfano, ubora wa B ni 4 ÷ 5 × 30, yaani 24.

| | Uzito | A | B | C |
|---|---|---|---|---|
| Bei ya futi inayofaa | 30 | 28 | 28 | 30 |
| Ubora | 30 | 12 | 24 | 18 |
| Kutegemeka | 25 | 15 | 20 | 10 |
| Masharti ya malipo | 15 | 6 | 9 | 12 |
| Jumla | 100 | 61 | 81 | 70 |

B, ambaye bei yake ya kutajwa ndiyo ya juu kuliko zote, anaongoza. A, ambaye bei yake ndiyo ya chini, ni wa mwisho.

Kabla ya kuamini jumla hiyo, fundi anapaswa kuitikisa kidogo. Akibadilisha uzito uwe bei 40, ubora 25, kutegemeka 15 na malipo 20, B anapata 81 na C anapata 77. B bado yuko mbele, lakini pengo limeshuka kutoka alama 11 hadi 4. Akifika mahali malipo yanachukua 40, bei 30, ubora 20 na kutegemeka 10, C anapata 78 na B anapata 76. Mshindi amebadilika.

Hilo si kosa la kadi. Linamwambia fundi jambo kuhusu biashara yake mwenyewe: B ni chaguo bora kwa mgawo wa kawaida, na kinachoweza kumlazimisha kwenda kwa C ni ukosefu wa fedha za kununulia mbao, wala si mbao zenyewe. Tatizo hilo lina dawa nyingine, kama vile kuwatoza wateja malipo ya awali yanayotosha mbao, au mkopo wa bei nafuu uliotajwa hapo juu. Pia, tofauti ya alama mbili au tatu isichukuliwe kuwa ushindi. Vipimo vya mbao 20 na maagizo kumi havina usahihi wa kiasi hicho.

Baada ya kuchagua

Kadi haimtaki fundi amwache kila mtu isipokuwa mshindi. Mashine ikiharibika kwa B, au vibali vikikwama, fundi asiye na mwingine atasimama kazi. Anaweza kumpa B sehemu kubwa ya maagizo na kuendelea kununua kiasi kidogo kwa C, ili jina lake lisisahaulike.

A naye hajafungiwa mlango. Udhaifu wake mkubwa ni mbao mbichi, na ubichi una tiba. Mbao za inchi moja zikipangwa chini ya paa, zikiwa zimeinuliwa kutoka ardhini, zikitenganishwa kwa vijiti vya unene mmoja vilivyopangwa mstari mmoja kutoka chini hadi juu, na upepo ukipita pande zote, zinaweza kukauka kwa miezi miwili au mitatu, au zaidi mvua ikizidi. Mwenye nafasi na anayeweza kufunga fedha kwa muda huo anaweza kununua kwa A kufikia Juni na kuwa na mbao tayari kwa wateja wa bonasi. Aliyeagiza kwa A mwishoni mwa Septemba ili auze Oktoba atauza kabati zitakazoachana.

Muuzaji aonyeshwe alama zake. Kumwambia mtu kwamba mbao zake ni mbaya huleta ubishi. Kumwonyesha kwamba katika mbao 20, tisa zilikuwa chini ya milimita 23 humpa kitu cha kurekebisha, na anayerekebisha hupanda kwenye kadi inayofuata.

Kadi ijazwe upya kila miezi mitatu, na ya mwezi Juni isirukwe, kwa sababu ndiyo inayoamua ni nani atakayeleta mbao za msimu wa bonasi. Fundi anayeanza leo bila rekodi yoyote hahitaji kusubiri maagizo kumi. Chaki kwenye mbao 20 za mzigo unaofuata, na ukurasa mmoja wa daftari wenye siku iliyoahidiwa na siku mzigo ulipofika, vinatosha kwa kuanzia. Wakazi wenye swali kuhusu kibali cha kusafirisha mbao wanaweza kuuliza katika kituo cha KFS kilicho karibu nao kabla ya kulipia mzigo.